Riba iliyovishwa kanzu? Murabaha, musharaka inayopungua na mkopo wa kawaida wa nyumba

Swali: *Assalamu alaykum. Mimi na mume wangu twataka kununua nyumba ya milioni saba unusu hapa Mombasa. Benki ya kawaida yatupa mkopo wa miaka kumi. Benki ya kiislamu yatupa murabaha au musharaka, na ukitazama malipo ya mwezi ni karibu sawa tu. Kaka yangu asema ni riba ile ile imevishwa kanzu. Je, kuna tofauti kweli, na katika hizo mbili tuchukue ipi? Muuzaji ataka tusaini na kumpa asilimia kumi wiki hii.*

Jibu: Waalaykumu salaam, dada yangu. Kakako ana haki ya kushuku, na shaka yake ni ya zamani kuliko benki zote. Katika Suratul Baqara, aya ya 275, wanatajwa watu waliosema kwamba biashara ni kama riba tu, na jibu likaja kwamba Mwenyezi Mungu amehalalisha biashara na akaharamisha riba. Aya haikuahidi kwamba faida ya mfanyabiashara itakuwa ndogo kuliko riba ya mkopeshaji. Kwa hivyo mkiweka ratiba mbili za malipo mezani na kuzilinganisha, hamtaiona tofauti. Ulizeni mambo mawili: nyumba hii ni ya nani, tangu siku gani, na ikipata hasara nani anaibeba.

Nitatumia hesabu zenu, tukichukulia kwamba mna milioni moja unusu mkononi na mnahitaji milioni sita. Asilimia 12 nitakayotumia ni ya mfano, ili tuweze kulinganisha kwa kipimo kimoja.

Katika mkopo wa kawaida, benki inawapa pesa. Muuzaji analipwa, nyumba inaandikwa majina yenu, na benki inaiweka rehani. Haijawahi kumiliki hata tofali moja. Inachowadai ni pesa, na pesa hizo zinazaa pesa kila siku zinapokaa kwenu. Kwa asilimia 12 mtalipa kama 86,000 kwa mwezi. Benki ikipandisha riba hadi asilimia 15 baada ya miaka miwili, mtapata barua, na malipo yatafika kama 95,000 bila ninyi kuongeza hata chumba. Nyumba ikiungua, deni liko palepale. Mkichelewa, kuna adhabu juu ya riba, na adhabu hiyo ni pato la benki.

Murabaha ni mauzo. Benki inainunua nyumba kwa muuzaji kwa 7,500,000, kisha inawauzia ninyi kwa bei iliyoongezwa faida, huku ikiwaambia wazi ilinunua kwa ngapi na imeongeza ngapi. Tuseme bei yenu ni 11,820,000: mnatanguliza 1,500,000, na 10,320,000 iliyobaki mnailipa kwa miezi 120, kila mwezi 86,000. Ndiyo maana mmeona hesabu imefanana na ile ya mkopo. Ila hii ni bei ya kitu, na bei ikishakubaliwa haibadiliki. Benki Kuu ipandishe au ishushe riba yake, mwezi wa kwanza ni 86,000 na wa mwisho ni 86,000. Mkichelewa, deni haliongezeki kwa faida ya benki. Mikataba mingi ina kifungu kinachomtaka mwenye kuchelewa atoe kiasi fulani, lakini pesa hiyo inakwenda kwenye sadaka na benki hairuhusiwi kuila.

Uhalali wa murabaha wote umesimama juu ya mpangilio wa hatua. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwambia Hakim bin Hizam asiuze asichokuwa nacho. Kwa hivyo kwanza ninyi mnatoa ahadi kwamba benki ikiinunua nyumba mtainunua kwake. Kisha benki inanunua. Ikishakuwa yake, hata kama ni kwa saa chache, inawauzia. Rehani inafuata mwishoni, kama dhamana ya deni la bei. Katika zile saa chache nyumba ni mali ya benki na hatari yake ni ya benki. Saa hizo ndizo zinazoihalalishia faida.

Nimefanya kazi ya kukagua mafaili haya kwa miaka mingi, na jambo la kwanza ninalolitazama ni tarehe. Nakumbuka faili moja la nyumba ya vyumba vitatu. Karatasi zilikuwa safi, saini zote zipo, muhuri wa wakili upo. Mkataba wa benki kumuuzia mteja ulikuwa na tarehe 3. Mkataba wa benki kununua kwa muuzaji ulikuwa na tarehe 17 ya mwezi huohuo. Benki iliuza nyumba wiki mbili kabla ya kuinunua. Afisa aliyelishughulikia alidhani ni jambo la karani tu, kwa sababu pesa zilikwenda kulekule. Mashekhe wa bodi ya sharia ya benki hawakuliona hivyo: faida yote ya muamala ule iliondolewa kwenye mapato na ikatolewa sadaka. Mteja yule alikuja kwetu akikimbia riba, na kwa karatasi mbili zilizopishana akawa amekopeshwa pesa kwa nyongeza. Jambo lile liliniuma, na tangu siku hiyo namwambia kila mteja aombe nakala ya kila karatasi na azipange mwenyewe kwa tarehe.

Musharaka inayopungua ni kitu kingine kabisa, na wengi wanaichanganya na murabaha kwa kuwa inatolewa kwenye dirisha moja. Hapa mnanunua nyumba pamoja na benki. Ninyi mna 1,500,000, yaani asilimia 20. Benki ina 6,000,000, yaani asilimia 80. Fungu la benki linakatwa hisa 120 za 50,000 kila moja. Mnaingia kukaa, na kwa kuwa sehemu kubwa ya nyumba ni ya mwenzenu, mnamlipa kodi ya sehemu yake. Kila mwezi mnanunua hisa moja, fungu lake linapungua, na kodi inapungua nalo.

Mwezi wa kwanza kodi ni 60,000 na hisa ni 50,000, jumla 110,000. Mwezi wa pili kodi ni 59,500. Baada ya miaka mitano benki imebaki na milioni tatu, kodi imeshuka hadi 30,000 na mnalipa 80,000. Mwezi wa mwisho kodi ni 500 tu, na nyumba ni yenu. Kwa miaka kumi kodi yote inafika 3,630,000, ilhali faida ya murabaha ilikuwa 4,320,000. Msikimbilie kusema musharaka ni rahisi: imepungua kwa sababu ninyi mmelipa kwa kasi zaidi mwanzoni. Pia kuna benki zinazosawazisha malipo yawe mamoja kila mwezi, hisa chache mwanzoni na nyingi mwishoni, na hapo hesabu inarudi karibu na ile ya murabaha.

Kodi hii, tofauti na bei ya murabaha, inaweza kubadilika. Mkataba wa kupangisha hupitiwa upya, mara nyingi kila mwaka, na benki nyingi hupima kodi kwa kutazama riba ya Benki Kuu. Hapa kakako ana hoja, nami sitaificha. Mashekhe wengi wanasema kutumia kipimo hakuharamishi kitu, kama vile muuza halali anavyoweza kutazama bei ya jirani yake. Nakubaliana nao kwa upande wa hukumu, lakini natamani siku moja kodi ipimwe kwa kodi halisi za mtaa. Kwa sasa dai lenu liwe moja: mkataba uandike kiwango cha juu ambacho kodi haitakivuka. Bila hicho, ile barua ya benki ya kawaida itawafikia na ninyi.

Mnapouliza nani anabeba hasara, musharaka ndiyo yenye jibu zito. Tuseme miaka mitatu imepita. Mmenunua hisa 36, benki imebaki na 4,200,000, yaani asilimia 56 ya nyumba. Moto unatokea usiku, kwa hitilafu ya umeme na bila uzembe wenu, na nyumba inaisha. Kodi inakoma palepale, maana hakuna nyumba ya kupangisha. Hamna deni la 4,200,000, kwa sababu benki haikuwakopesha. Imepoteza mali yake kama mlivyopoteza yenu. Kinacholipwa na takaful, yaani bima ya kiislamu, kinagawanywa, asilimia 56 kwake na 44 kwenu. Katika murabaha hali si hiyo. Nyumba ilishauzwa, ni yenu kwa asilimia mia, na bei mnaendelea kudaiwa. Matengenezo nayo hufuata mkondo huo. Bomba linalovuja na kitasa kilichovunjika ni vya mpangaji, yaani ninyi. Paa likihitaji kubomolewa, gharama ni ya wenye nyumba, kila mmoja kwa fungu lake. Benki nyingi huwafanya wateja kuwa mawakala wao, wakalipa takaful na matengenezo kisha hesabu ikaingizwa kwenye kodi. Hilo si kosa, lakini lazima liandikwe hivyo.

Sasa njooni kwenye kifungu ambacho ningependa mkisome mara tatu. Kinaitwa ahadi ya kununua. Kinasema kwamba mkishindwa kulipa, mtanunua hisa zote zilizobaki kwa mpigo mmoja, kwa bei ileile ya mwanzo. Chukueni nyumba yenu baada ya miaka mitatu, bei za mtaa zimeshuka na inauzwa kwa 6,000,000. Kama ni ubia mtupu, benki inachukua asilimia 56, yaani 3,360,000, na ninyi 2,640,000. Kwa ahadi ya kununua, benki inachukua 4,200,000 yake kamili na ninyi mnabaki na 1,800,000. Laki nane na arobaini elfu zimehama mfuko, na hasara ya soko imewaangukia ninyi peke yenu.

Msikasirike bado, kwa sababu kifungu hicho kina upande wa pili. Nyumba ikipanda hadi 9,000,000, ubia mtupu ungeipa benki 5,040,000. Kwa bei iliyofungwa inachukua 4,200,000 tu na ongezeko lote ni lenu. Mashekhe wametofautisha hapa. Katika ubia wa biashara, mshirika hawezi kumdhaminia mwenzake mtaji wake, kwa hivyo ahadi ya kununua kwa bei ya mwanzo haifai. Katika ubia wa kumiliki kitu, kama ndugu wawili wenye nyumba moja, wengi wameruhusu mmoja aahidi kununua fungu la mwenzake kwa bei inayojulikana. Mikataba ya nyumba imejengwa juu ya huo wa pili. Ninachoweza kuwashauri ni kuomba ahadi hiyo iishie pale mnapovunja mkataba kwa makusudi. Mume akifariki au akipoteza kazi, nyumba iuzwe sokoni na kila mtu achukue fungu lake. Benki haitakubali kila mara, lakini ikikataa mtakuwa mmejua mnaingia ubia wa namna gani.

Katika hizo mbili, swali langu kwenu ni hili: mna hakika gani kwamba mtakaa kwenye malipo haya kwa miaka kumi kamili? Familia nyingi hazikai. Wanahama, wanapata kiinua mgongo, wanauza shamba la urithi. Hebu rudini kwenye mwaka wa tatu, mkaamua kuuza nyumba. Katika musharaka mnanunua fungu la benki kwa 4,200,000 na mmemaliza. Katika murabaha mmelipa miezi 36 na imebaki 84, yaani 7,224,000, na hilo ni deni la bei mliyoikubali. Hata benki ya kawaida ingewadai kama 4,880,000 tu. Ni kweli katika musharaka mngekuwa mmelipa kama laki tano unusu zaidi kufikia siku hiyo, lakini pengo lililobaki ni kubwa mno kulifumbia macho. Benki za kiislamu huwasamehe wateja sehemu ya faida wanapolipa mapema, ila kwa msimamo wa mashekhe wengi msamaha huo hauwekwi kwenye mkataba kama sharti. Unabaki ihsani. Malaysia waliamua vingine: tangu 2011 benki yao kuu imezilazimisha benki kuuandika. Sisi hapa tunategemea ada ya kila benki. Kwa hivyo muulizeni afisa, na mpate kwa maandishi, benki yake imekuwa ikisamehe kiasi gani kwa waliomaliza mwaka wa tatu au wa tano.

Katika musharaka hakuna cha kuomba. Mkipata milioni moja mwaka huo wa tatu, mnanunua hisa 20 kwa pamoja. Fungu la benki linashuka hadi 3,200,000, kodi ya mwezi unaofuata inashuka kutoka 42,000 hadi 32,000, na safari inafupika kwa miezi 20. Kwa sababu hiyo, kwa nyumba ya miaka kumi ningechagua musharaka, mradi tu 110,000 za miezi ya mwanzo mnaziweza bila kukopa kwingine, na kodi iwe na kiwango cha juu. Murabaha naipenda kwa muda mfupi, miaka mitatu hadi mitano, au kwa kununua vifaa vya ujenzi. Kama mishahara yenu ni ya kudumu na mabadiliko ya kodi ya kila mwaka yatawanyima usingizi, murabaha ina utulivu ambao musharaka haina, na huo pia una thamani yake.

Kuna gharama moja ambayo watu wanaikuta mlangoni mwa wakili. Mjini ushuru wa stempu ni asilimia 4, kwenu ni 300,000. Ikiwa benki inanunua kisha inawauzia, je, ushuru utalipwa mara mbili? Uingereza walikutana na tatizo hili na wakaliondoa kisheria mwaka 2003. Hapa benki nyingi hulikwepa kwa kuhamisha hati moja kwa moja kutoka kwa muuzaji hadi jina la mteja, huku karatasi za pembeni zikieleza kwamba umiliki wa kweli ulipitia kwa benki, au kwamba mteja anaishikilia hati kwa niaba ya ubia. Bodi za sharia zimelikubali hilo pale karatasi hizo zinapokuwepo na zinaposhika. Mwambieni wakili awaonyeshe karatasi inayosema benki ni mmiliki, na awaambie ushuru utalipwa mara ngapi, kabla hamjalipa ada yoyote.

Na hakikisheni nyumba ina hati yake. Mombasa tuna nyumba bila ardhi kila mtaa wa zamani, mwenye nyumba mmoja na mwenye kiwanja mwingine. Kuuziana nyumba ya namna hiyo ni jambo la kawaida kwetu na sharia haikatazi, lakini benki haina cha kuandikisha kama dhamana, na ombi lenu litarudi baada ya kulipia mthamini.

Kuhusu muuzaji anayetaka asilimia kumi wiki hii: msisaini mkataba wa mauzo kwa majina yenu. Hapo ndipo murabaha nyingi zinapoharibikia, na watu hufanya kwa nia njema, wakiogopa nyumba isichukuliwe. Mkishasaini mmenunua, na benki haiwezi kuwauzia kitu mlichokwisha kukinunua; itabaki kuwalipia deni na kuwadai zaidi. Muuzaji mpeni barua ya benki inayoonyesha kwamba ombi linashughulikiwa. Kama hatulii, benki isaini yenyewe kama mnunuzi, au iwape uwakala wa maandishi mnunue kwa niaba yake. Mkichagua musharaka, mkataba wa mauzo utaje wanunuzi wawili, ninyi na benki, na zile 750,000 zihesabiwe ndani ya milioni moja unusu yenu. Na kama mlishasaini kabla ya kuniandikia, mwendeeni muuzaji mkiwa na wakili, mkataba ule ufutwe kwa maandishi na saini za pande zote mbili, kisha benki inunue upya kwa tarehe mpya.